Boti limegonga mtumbwi Mtera, na bima wamekataa kulipa vyote viwili

Mzee wa safu, shikamoo.

Nauza perege na kambale soko la Majengo, Dodoma mjini. Mwaka jana nilinunua boti la mbao la mita 9 na mashine ya farasi 15. Linakusanya samaki kwenye kambi za Mtera na kuwaleta mwaloni. Bima nilikata kwa wakala, sehemu mbili: chombo chenyewe shilingi 12,000,000, na madai ya watu wengine hadi 20,000,000.

Tarehe 21 Agosti nahodha alinitumia ujumbe kwamba ana msiba Iringa. Nikamjibu: "Sawa, mwachie Dogo, boti lisikae." Dogo ni kijana wa mashine. Ana miaka miwili kwenye boti lile, ila cheti hana. Walitoka saa 2 asubuhi, maji yametulia. Saa 9 alasiri wakirudi, upepo ulikuwa umechachamaa. Dogo akasogea upande wa visiki kukwepa mawimbi, akagonga mtumbwi wa jirani aliyekuwa anaopoa nyavu zake. Mtumbwi ulipasuka ukazama na nyavu, mwenyewe akavunjika mkono. Boti langu likapanda kisiki, ubavu ukapasuka, na mashine ikakaa majini siku mbili.

Tarehe 4 Septemba bima wakaniandikia kuwa hawalipi chochote, kwa sababu mwendeshaji hana cheti na kulikuwa na onyo la hali ya hewa. Ndugu wa jirani wakaja juu. Tarehe 12 nikasaini kwa mtendaji wa kijiji kwamba kosa ni langu na nitalipa 3,500,000. Nimeshatoa 600,000, nilizitoa wiki ile ile ya ajali. Nakutumia picha za mkataba mzima, barua yao na meseji zangu. Wana haki? Nianzie wapi?

Mama Perege, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Nikupe jibu kwanza. Fedha ya boti na mashine yako naona imekwenda. Fedha ya jirani bado ipo, na barua waliyokuandikia haijaiondoa, ingawa aliyeiandika anadhani ameiondoa.

Nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza hiyo, nikiandika barua za namna hii. Ilivyokuwa ni hivi: karani anafungua faili, anakuta sababu moja nzito, anaiweka juu ya faili zima na kuandika "hatuhusiki na madai haya". Hasemi madai yapi. Wewe unayepokea unasoma "madai haya" unaelewa yote, unakunja barua. Lakini ulichonunua ni ahadi mbili zilizowekwa kwenye jalada moja. Ya kwanza inauliza kitu chako kimeharibikaje. Ya pili inauliza unadaiwa nini kisheria na mtu mwingine. Kila moja ina ukurasa wake wa mambo yasiyolipwa, na katika mkataba wako kurasa hizo hazifanani. Hapo ndipo pa kushika.

Mkataba wenyewe ni wa Kiingereza, kwa hiyo nimekutafsiria vipengele vinavyotuhusu. Cha cheti ni kipengele 4(c), na kinasema hivi: "Hatutalipa hasara ya chombo au mashine iliyotokea wakati chombo kikiendeshwa, kwa idhini ya mwenye chombo, na mtu asiye na cheti halali cha kukiendesha."

Shika neno "wakati". Kama kipengele kingesema "hasara iliyosababishwa na mwendeshaji asiye na cheti", ungekuwa na la kubishania. Ungesema Dogo ana miaka miwili kwenye mashine ile, kwamba hata nahodha mwenye cheti angesogea upande ule kukimbia mawimbi, na kwamba kisiki kilichozama hakimuulizi mtu cheti. Wao wangelazimika kuonyesha kwamba kukosa cheti ndiko kulikoleta ajali. "Wakati" halihitaji hayo yote. Linataka kujua jambo moja tu: saa ile, nani alishika mkono wa mashine? Ingekuwa mashine imelipuka yenyewe, au boti jingine limekuja kukugonga wewe ukiwa umesimama, bado wangekufungia mlango kwa neno hilo. Ni kipengele kikali, na mimi sikipendi, lakini kimeandikwa na ulikikubali.

Palipobaki upenyo ni kwenye maneno "kwa idhini ya mwenye chombo". Yamewekwa hapo kwa makusudi, kumlinda mtu ambaye kijana wake amechukua boti kwa siri au nahodha amemwachia mtu bila kusema. Angekuwa nahodha wako ameondoka kimya kimya akamwachia Dogo mashine, ningekwambia tupigane. Lakini wewe uliandika "sawa, mwachie Dogo". Maneno matatu, na katika faili lote hilo hakuna karatasi nzito kuliko hayo.

Najua utakachofikiria sasa, kwa sababu wengi walishanijia nacho. Usiifute ile meseji. Usimwambie nahodha aseme alikuwepo. Ujumbe huo uko kwenye simu yake pia, na mthamini wa hasara akienda mwaloni kuuliza nani alikuwa msibani Iringa, ataambiwa kabla hajamaliza chai. Dai lenye uongo halipotezi sehemu ile ya uongo peke yake. Linabomoa na lile la jirani ambalo lilikuwa la kweli. Boti umelipoteza, usilipoteze na hilo.

Sasa onyo la hali ya hewa. Hili halimo kwenye ukurasa wa chombo. Limo kwenye vizuizi vya jumla, vinavyofunika sehemu zote mbili, kwa hiyo likisimama ndiyo mwisho wa mazungumzo. Ndiyo maana nimelisoma mara tatu. "Hatutalipa dai lolote iwapo chombo kimeondoka mwaloni huku onyo la upepo mkali au mawimbi lililotolewa na mamlaka ya hali ya hewa likiwa linatumika katika eneo ambamo chombo kinafanya kazi."

Bima wameambatisha taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo. Naomba uisome wewe mwenyewe, usiniamini mimi. Imetaja mikoa ya pwani ya Bahari ya Hindi: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Dodoma haimo. Iringa haimo. Bwawa la Mtera liko kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa hiyo miwili, zaidi ya kilometa 300 kutoka baharini. Aliyeandika barua aliona "upepo mkali" na tarehe ikalingana, akaridhika. Mavuvi ya Kilwa na ya Mtera kwake ni mamoja.

Kuna na neno "kimeondoka". Kizuizi hiki kinatazama hali ilivyokuwa chombo kilipotoka mwaloni. Hakitazami kilichokuta boti katikati ya maji. Boti lako lilitoka saa 2 asubuhi. Mtu yeyote anayeishi Dodoma anajua upepo wa Agosti unavyofanya: asubuhi umelala, jua likishapanda unaanza kupeperusha mabati, alasiri ndio unakuwa na hasira zake zote. Bwawani hali ni hiyo hiyo, tena hakuna cha kuukinga. Wanaweza kukwambia basi ulijua utavuma. Jibu ni kwamba kizuizi chao hakisemi "upepo unaojulikana". Kinasema onyo lililotolewa, linalotumika, katika eneo lile. Zipo kampuni za bima zinazoandika kwamba hazilipi ikiwa chombo kimetoka "katika hali ambayo nahodha mwangalifu asingetoka". Ungekuwa na kipengele cha namna hiyo tungekuwa kwenye mabishano mazito, kila mvuvi na maoni yake. Wako haukuandikwa hivyo.

Na kumbuka mzigo wa kuthibitisha uko wapi. Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba ajali imeingia ndani ya ahadi: boti liligonga, mtu ameumia, mali yake imeharibika, anakudai. Ukishaonyesha hayo, anayesema "lakini kuna kizuizi" ndiye anayetakiwa kukithibitisha. Hata hivyo usikae ukisubiri washindwe. Andika barua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa uombe wakuthibitishie kwa maandishi kama tarehe 21 Agosti palikuwa na onyo lolote kwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Kisha nenda mwaloni uongee na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na manahodha wawili watatu waliotoka asubuhi ile ile. Waandike walitoka saa ngapi na maji yalikuwaje, wasaini, na namba za maboti yao ziwemo. Fanya hivyo mwezi huu. Mvuvi anahama kambi, na kumbukumbu ya upepo wa siku moja haikai.

Tuje kwenye sehemu ya pili, ya watu wengine, ambako kwa maoni yangu ndiko fedha yako iliko. Kipengele cha cheti kiko chini ya kichwa kinachosema "Vizuizi vya Sehemu ya Kwanza", na chenyewe kinataja "hasara ya chombo au mashine". Kwenye vizuizi vya Sehemu ya Pili nimehesabu mambo manne: kuumia kwa wafanyakazi wako, mali iliyobebwa ndani ya boti lako, faini, na uchafuzi wa maji. Cheti cha mwendeshaji hakimo. Inawezekana walikusudia kiwemo wakasahau, lakini maneno yenye utata kwenye mkataba wa bima husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Yeye ndiye aliyekuwa na kalamu.

Watakapoona hivyo watarudi na sharti namba 7, kwamba aliyekata bima "achukue tahadhari za kawaida kuzuia ajali". Watasema kumwachia asiye na cheti ni kukosa tahadhari. Jiandae nalo. Mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza zimekuwa zikisoma sharti hilo kwa upole, kwa sababu bila hivyo bima ya madai ingekuwa haina kazi. Watu hukata bima hiyo ili iwalipie uzembe wao. Linalovunja sharti ni kuiona hatari waziwazi na kuipuuza. Kwa hiyo miaka miwili ya Dogo kwenye mashine, ambayo haikukusaidia kitu kwenye sehemu ya kwanza, hapa ina uzito. Mwombe nahodha aandike Dogo amekuwa akifanya nini siku zote hizo, njia zipi anazipita peke yake, na kama amewahi kupata ajali. Ila aandike ukweli tu.

Mahali ninapokuonea wasiwasi ni ile karatasi ya kwa mtendaji. Ukurasa wa mwisho wa mkataba wako unasema usikiri kosa, usiahidi wala kulipa chochote bila ridhaa yao ya maandishi. Wewe umekiri, umeahidi na umelipa. Kinachokuokoa ni kalenda. Walikukataa tarehe 4 Septemba, ukasaini tarehe 12. Mtu aliyekwisha kusema hahusiki hawezi kugeuka kulalamika kwamba hukumwomba ruhusa. Ungesaini tarehe 1 ningekuwa nakuandikia barua ya pole. Zile 600,000 za wiki ya ajali zilitangulia barua yao, kwa hiyo zitenge. Stakabadhi za hospitali nilizoziona ni 380,000, hizo zieleze kama msaada wa matibabu ya dharura. Zile 220,000 nyingine ulizowapa ndugu mkononi, uwe tayari kuambiwa ni zako.

Ahadi yako ya 3,500,000 haiwafungi bima. Wao watalipa kile ambacho kisheria unawajibika, na mthamini atakihesabu upya kipande kwa kipande. Nimejaribu kufanya hesabu kama atakavyofanya yeye, kwa bei ulizonitumia. Mtumbwi mpya ni 900,000, lakini wa jirani una miaka mitatu, kwa hiyo tuseme 600,000. Nyavu 12 za 45,000 ni 540,000 zikiwa mpya. Zilizokwisha kutumika msimu mzima atazikata nusu, 270,000. Samaki waliozama, kilo 60 kwa bei ya mwaloni ya 5,000, ni 300,000, na hapa jirani atatakiwa aonyeshe kwamba kilo 60 ni kawaida yake kwa siku. Hospitali 380,000. Kazi aliyoikosa mkono ukiwa na plasta, siku 36 kwa 30,000, ni 1,080,000. Jumla 2,630,000. Toa eksesi yako ya 500,000, yaani kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai, bima wanabaki na 2,130,000.

Maana yake ni kwamba ukishinda kila kitu, bado kati ya 3,500,000 ulizosaini, 1,370,000 zinakuangukia wewe: 500,000 ya eksesi, na 870,000 ambayo uliiahidi juu ya hasara halisi kwa kuwa watu walikuwa wengi ofisini na sauti zilikuwa juu. Kwa hiyo kabla ya kugombana na bima, rudi kwa jirani na mtendaji. Usiende kukana deni. Nenda na hesabu hii, kipande kwa kipande, muongee kwamba malipo yatafuata thamani iliyothibitishwa, na kwamba 600,000 alizopokea zinahesabiwa ndani yake. Mkikubaliana muandike upya, karatasi ya zamani ichanwe mbele ya wote. Muulize pia, kwa adabu, nyavu zake zilikuwa zimetegwa wapi. Kama zilikuwa zimekatiza njia ambayo maboti yote hupita, sehemu ya lawama ni yake, na bima wataliuliza hilo hata usipoliuliza wewe.

Barua yako kwa bima isizidi ukurasa mmoja na nusu. Sema unakubali au hukubali uamuzi wao wa Sehemu ya Kwanza. Mimi ningeandika tu "nahifadhi haki yangu" na kuendelea, sio mahali pa kumalizia nguvu. Kisha sema barua yao ya tarehe 4 Septemba haikutaja sababu yoyote inayogusa Sehemu ya Pili isipokuwa onyo la hali ya hewa, na onyo walilolileta ni la pwani. Wataje ukurasa na mstari. Ambatisha barua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, maelezo ya manahodha, dai la jirani kwa maandishi yake mwenyewe, stakabadhi, na nakala ya karatasi ya mtendaji. Ndiyo, na hiyo pia. Waione kwako kabla hawajaisikia mwaloni. Ipeleke kwa mkono, wagonge mhuri kwenye nakala yako. Wakala aliyekukatia mpe nakala, lakini usimwachie yeye aipeleke.

Wakikataa tena, omba sababu kwa maandishi uende Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wapo hapa hapa Dodoma, au upeleke shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mashauri ya namna hii. Kule watataka kuona umemaliza kwanza na kampuni yenyewe, ndiyo maana ule mhuri ni muhimu.

Jambo moja la kuangalia kabla hujatuma chochote: cheti cha ukaguzi wa boti kutoka TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, na leseni ya uvuvi ya chombo. Kwenye picha zako sikuziona. Bima wakinyang'anywa sababu moja huenda kutafuta nyingine, na tarehe iliyopita kwenye cheti cha ukaguzi ni kitu cha kwanza wanachokitazama. Kama kilikuwa kimeisha tarehe 21 Agosti, niandikie tena kabla ya kupeleka barua.

Kuhusu mashine, kwa kuwa ni fedha yako sasa: umesema ilikaa majini siku mbili na hukusema imefanywa nini baada ya kutolewa. Mashine iliyozama kwenye maji baridi haiharibiki sana ikiwa ndani ya maji. Inaharibika inapotoka na kupata hewa, kutu huanza siku hiyo hiyo. Kama haijaguswa tangu Agosti, fundi ataikuta imeshikana. Kama fundi aliifungua mapema, akatoa plagi, akamwaga maji, akaisafisha na kuitia oili, inaweza kufufuka kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani. Mwite fundi wa mashine za boti, usimpelekee wa bodaboda.

Na Dogo mwenyewe? Hukuniambia kama aliumia. Kama aliumia, sehemu ya pili haimhusu kwa sababu ni mfanyakazi wako. Huyo anaangukia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ikiwa ulijiandikisha kama mwajiri, na kama hukujiandikisha gharama yake inaweza kukuangukia wewe.

Siku utakayokata bima tena, usiulize bei kwanza. Mwombe wakala mambo mawili yaandikwe. La kwanza, majina ya waendeshaji wawili, nahodha na msaidizi, wote wakiwa na vyeti, kwa sababu misiba haitaisha na boti lako halitakaa. Dogo akasome, gharama ya cheti chake ni ndogo kuliko ubavu wa boti. La pili, kizuizi cha hali ya hewa kitaje wazi kwamba onyo ni lile lililotolewa kwa mkoa wa Dodoma au Iringa, na kibaki na neno "kuondoka". Wakitaka kukubadilishia waweke "nahodha mwangalifu", kataa, au wapunguze ada. Na ukiwa hapo waulize mashine ikichomoka kwenye ubao wa nyuma na kudondoka majini inalipwa au hailipwi. Mikataba mingi ya maboti madogo hailipi hilo, na wa kwako, nimeangalia, ni mmojawapo. Funga mnyororo.